Tatu juu kwa sikio: uhesabu ngazi, ufuate kivuli, au ushike kodi?

Mwimbaji ambaye hajawahi kusoma nota akiombwa aimbe tatu juu ya melodi, ana njia tatu za kuipata. Anaweza kuhesabu kutoka kila nota ya melodi. Anaweza kuidaka nota ya kwanza kisha akaifuata melodi kama kivuli. Au anaweza kuliegemea gita na kuchukua nota iliyomo kwenye kodi inayopigwa (si kodi ya serikali, ni zile nota tatu au nne zinazolia pamoja). Zote zinafika, ila kila moja ina mahali pake pa kuangukia. Chagua kwa kuangalia unaangukia wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. "Tatu juu" hapa si sauti ya tatu ya kwaya, ambayo kwa wengi ni teno. Ni umbali. Nota ya melodi unaihesabu moja, inayofuata kwenye ngazi ya do re mi unaihesabu mbili, inayofuata tatu, na hapo ndipo unapoimba. Melodi ikiwa do, wewe ni mi. Ikiwa re, wewe ni fa. Ikiwa la, wewe ni do ya juu. Anayeanza kuhesabu moja kwenye nota inayofuata hujikuta nne juu: wenzake wako do, yeye yuko fa, na kila mtu anageuka kumtazama.

Umbali huo una jambo moja ambalo lisipoeleweka njia zote tatu zitakusumbua: hauko sawa kila mahali. Tazama kinanda. Do ikiwa C, ngazi nzima iko kwenye vibonye vyeupe, na tatu juu ni kuruka kibonye cheupe kimoja na kubonyeza kinachofuata. Sasa hesabu vibonye vyote, vyeupe na vyeusi, kila kimoja nusu hatua. Kutoka do hadi mi ni nusu hatua 4. Kutoka re hadi fa ni 3 tu, kwa sababu kati ya mi na fa hakuna kibonye cheusi. Do, fa na so zina tatu pana ya nusu hatua 4. Re, mi, la na ti zina tatu nyembamba ya nusu hatua 3. Kwa hiyo harmonia sahihi hupanuka na kubana kila melodi inaposogea. Sikio lisilozoea halipendi hilo. Linataka umbali uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ukilipatia sikio linachotaka, unaimba wimbo uleule katika ufunguo mwingine. Melodi inasema do, re, mi. Wewe umeanza mi, ukapanda kwa hatua zilezile, ukatoa mi, fa iliyopandishwa, so iliyopandishwa. Kosa hili hujificha vizuri. Kila jozi ya nota ukiisikia peke yake ni tamu, maana nusu hatua 4 hazigombani. Tena mwanzo na mwisho wa wimbo vinaweza kuwa sahihi kabisa, kwa kuwa melodi ikiwa do, wewe uko mi kwa vyovyote. Uharibifu uko katikati, na bila chombo unaweza kuimba beti nzima ukihisi tu kwamba kuna kitu hakijakaa. Gita likiingia, ndipo inapolia wazi.

Mahali pa kujipima ni pale melodi inaposhika mi. Hapo unatakiwa uwe so. Imba do-mi-so polepole, zile nota tatu ambazo karibu kila mtu anaweza kuziimba bila kufundishwa, kisha linganisha so hiyo na nota uliyokuwa ukiimba. Ikiwa yako iko juu kidogo, umehamia ufunguo mwingine.

Wimbo wa kujaribia

Tuchukue mistari miwili iliyotungwa kwa ajili ya zoezi hili tu, ili njia zote zipimwe kwa kitu kimoja. Do ni C. Herufi zilizo juu ni kodi za gita. Alama ya ' ni do ya juu, na kistari ni kushikilia nota.

```
          C                C
Melodi:   do  do  re  mi | so  so  mi  -
Tatu juu: mi  mi  fa  so | ti  ti  so  -

          F       C        G       C
Melodi:   fa  la  so  mi | re  re  do  -
Tatu juu: la  do' ti  so | fa  fa  mi  -
```

Mstari wa "tatu juu" umeandikwa kwa hesabu tupu. Una sehemu mbili zenye walakini. Tutazifikia.

Kuhesabu ngazi

Njia hii inataka kitu kimoja tu: uweze kuimba do re mi fa so la ti do ukipanda na ukishuka bila kuteleza. Tafuta do kwanza. Nyimbo nyingi hutua juu yake mwishoni, kwa hiyo imba mstari wa mwisho, shikilia nota ya mwisho, kisha jaribu kupanda ngazi kutoka hapo. Ikipanda kwa raha na ikalingana na wimbo, ndiyo do. Ikisikika ya huzuni na ikakuvuta kuanza la-ti-do, wimbo wako unatua kwenye la, na hesabu inaendelea vilevile kutoka hapo.

Kisha chukua nota moja ya melodi, simama juu yake, panda ngazi mbili, shikilia. Rudi, chukua inayofuata. Kazi inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Mistari yetu ina nota 14, lakini zilizo tofauti ni sita tu: do, re, mi, fa, so, la. Jibu la re likishapatikana ni fa kila re inaporudi, hata kwenye ubeti wa nne.

Inakosea wapi? Kwenye kusimama. Ukisimama juu ya re na kuishikilia, sikio linaanza kuifanya re kuwa nyumbani. Ukipanda ngazi mbili kutoka hapo unaimba re-mi-fa iliyopandishwa, yaani do-re-mi mpya iliyoanzia re. Hili huwapata hata wenye masikio mazuri, na kadiri unavyoshikilia ndivyo linavyozidi. Dawa yake ni kuwa na do inayolia muda wote: mtu anayevumisha do kwa mdomo uliofumbwa, kibonye cha kinanda kilichokandamizwa, au do yako mwenyewe uliyoirekodi dakika nzima kwenye simu. Do ikilia chini, fa iliyopandishwa inachubua sikio papo hapo, na unaijua kabla hujaizoea.

Udhaifu wa pili ni kwamba nota zilizopatikana moja moja haziwi wimbo. Utazijua zote na bado utakwama zikipita kwa mwendo wa kawaida. Ziunganishe mbili mbili, kisha nne, bila melodi, mpaka mstari wa juu usimame kama wimbo wake.

Kufuata kivuli

Hii ndiyo njia ya wengi wanaoimba kwa kuzaliwa nayo, na ndiyo ya haraka. Rekodi melodi kwenye simu, polepole kuliko kawaida, mistari miwili tu. Weka spika ya sikio moja, lile jingine liache wazi ujisikie. Tafuta nota yako ya kwanza kwa do-mi-so: melodi yetu inaanza do, kwa hiyo wewe mi. Wimbo wako ukianzia mi, wewe ni so. Imba kwa silabi moja, "nu" au "la", usiimbe maneno. Maneno yamefungwa na melodi kwenye kumbukumbu yako, na ukiyatamka tu koo linarudi kwenye nota zake.

Halafu fuata umbo. Melodi ikirudia nota, rudia. Ikipanda ngazi moja, panda moja. Ikishuka, shuka. Kwa do do re mi njia hii haina mpinzani, kwa sababu nota zinatembea jirani kwa jirani na sikio linalojua ngazi litabana na kupanua lenyewe bila kuhesabu.

Taabu inaanza pale melodi inaporuka. Angalia kutoka mi kwenda so kwenye mstari wa kwanza. Melodi ilipokuwa mi, wewe ulikuwa so. Sasa melodi inaruka na kutua so, juu ya nota yako hasa. Kila melodi inaporuka tatu kwenda juu inatua pale uliposimama, na mwimbaji asiyejiandaa hubaki hapo, kwa kuwa nota anaijua na inasikika salama. Kuanzia hapo mnaimba sauti moja. Mara nyingi hajui kama ameanguka. Anahisi tu kwamba wimbo umekuwa rahisi ghafla.

Ishara ni mbili. Ya kwanza, sauti zikiungana unene wa harmonia unapotea na inabaki sauti moja yenye nguvu. Ya pili ni mwisho: ukimaliza juu ya do, nota yenye utulivu wa kufika nyumbani, umeimba melodi. Aliyebaki tatu juu humalizia mi, na mi ikiimbwa peke yake huning'inia kidogo, kama sentensi ambayo bado inangoja nukta. Kuning'inia huko ndiko sahihi.

Ukijua mruko uko wapi, usiukimbilie pamoja na melodi. Utoe nje: imba nota yako kabla ya mruko na yako baada ya mruko, hizo mbili tu, mara kumi, ndipo uuweke mahali pake. Kivuli humsaliti anayengoja kusikia melodi kwanza halafu apande. Nota yako lazima uijue kabla melodi haijafika.

Kushika kodi

Hapa unahitaji gita, kinanda, au rekodi yenye chombo kinachosikika wazi. Badala ya kuuliza "tatu juu ni ipi?", unauliza "ndani ya kodi hii, nota gani iko karibu zaidi juu ya melodi?" Kodi ya C ina do, mi, so. Ya F ina fa, la, do. Ya G ina so, ti, re, na ikiongezwa ya saba inapata fa pia.

Huhitaji kujua majina hayo. Mwombe mpiga gita apige kodi moja na kuiacha ilie, imba nota ya melodi, kisha telezesha sauti juu polepole kama king'ora. Kuna mahali ambapo sauti yako itazama ndani ya kodi na kuacha kusuguana. Pa kwanza unapokutana napo ndipo pako.

Sasa turudi kwenye walakini wetu. Mstari wa kwanza, melodi inashika so, hesabu inakupa ti, na gita linapiga C. Ti haimo kwenye C. Iko nusu hatua chini ya do ya juu, na do ndiyo nota ambayo kodi hiyo imejengwa juu yake. Ukiimba ti hapo hujakosea hesabu, umeimba tatu halali, lakini inasikika kama swali ambalo wimbo haukuuliza. Wapo wanaoitafuta kwa makusudi, hasa wapigaji wa jazi. Kwenye wimbo wa kawaida wa kuitikia au wa kwaya, panda nusu hatua moja uimbe do ya juu. Kutoka so hadi do' ni nne, si tatu, na hakuna atakayelalamika. So inarudi kwenye mstari wa pili, tena juu ya C, na jibu ni lilelile.

```
Harmonia iliyorekebishwa:
mi  mi  fa  so  | do' do' so  -
la  do' do' so  | fa  fa  mi  -
```

Angalia mstari wa pili ulivyonyooka: la, do', do', so. Kabla ya marekebisho ulikuwa unashuka do' kwenda ti kisha so, na ti ile ilikuwa mlegevu. Sasa unasimama mahali pamoja melodi ikisogea chini yako, na kusimama ni rahisi kuimba kuliko kufuata.

Tego la namna hiyohiyo liko melodi inaposhika do juu ya kodi ya F. Hesabu inasema mi, na mi iko nusu hatua chini ya fa, nota ambayo kodi ya F imejengwa juu yake. Imba fa. Katika nyimbo zenye kodi tatu tu, C, F na G, pale nota ya melodi imo kwenye kodi na inashikiliwa, so juu ya C na do juu ya F ndizo hutega zaidi. Nyingine karibu zote hesabu inazimudu: re juu ya G inakupa fa, ile ya saba ya G, na fa hiyo inavutwa chini kwenda mi, na ndivyo mstari wetu unavyoishia kwa utamu.

Kodi nazo zina ukomo wake. Hazikusaidii kwenye nota za kupita. Re ya mstari wa kwanza inapita haraka juu ya C, na C haina re wala fa. Mwenye kushika kodi kwa ukali ataruka fa, atabaki mi, na harmonia itakuwa ngumu kama mti. Nota inayopita kati ya mbili zilizo kwenye kodi iachie kivuli: mi, fa, so, upite tu. Kusuguana kwa nusu pigo hakumuumizi mtu. Kinachoumiza ni nota inayoshikiliwa.

Ugumu mwingine ni wimbo unaotua kwenye la. Huko kodi inayotangulia mwisho mara nyingi ina so iliyopandishwa nusu hatua. Melodi ikishika mi juu ya kodi hiyo, tatu yako ni so iliyopandishwa, na so ya kawaida itagongana na gita. Kuhesabu hakutakuonya, wala kivuli. Kodi itakuonya.

Basi uchague ipi

Kama melodi inatembea jirani kwa jirani na unaweza kuimba ngazi bila kuwaza, anza na kivuli. Utafika mbali kwa muda mfupi, na makosa utakayobaki nayo yatakuwa machache na yako mahali panapojulikana, kwenye miruko.

Kama kila ukijaribu kivuli unajikuta umerudi kwenye melodi, usiendelee kujaribu kwa nguvu. Kurudia kosa kunalikomaza. Chukua mistari miwili, hesabu nota zilizo tofauti, zipate moja moja do ikilia chini, na ujifunze mstari wa juu peke yake, kama wimbo mwingine kabisa, kabla ya kuuweka juu ya melodi.

Kama harmonia yako ni sahihi kwa hesabu lakini kuna nota moja au mbili zinazoudhi kila zikifika, kuhesabu upya hakutasaidia, kwa kuwa hesabu haijakosea. Hapo ita gita. Na kama umezoea kuimba na gita tangu mwanzo, anza na kodi kwenye nota zinazoshikiliwa, ujaze katikati kwa kivuli. Kwa maoni yetu huo ndio mchanganyiko unaomfaa mtu asiyesoma nota: kivuli kitembee, kodi isahihishe, hesabu itumike pale tu viwili hivyo vinapobishana.

Wanaoimba bila chombo watakutana na jambo jingine dogo. Mi yako juu ya do ya mwenzako itatulia chini kidogo ya mi ya kinanda, kama senti 14, nusu hatua nzima ikiwa senti 100. Ukiisikia imetulia usiipandishe ili ifanane na kinanda. Kinanda ndicho kilichosogezwa juu ili kiweze kupiga funguo zote. Chombo kikiwepo, kifuate.

Kabla ya yote, pima kimo. Tafuta nota ya juu kabisa ya melodi na uongeze nusu hatua 5, kwa sababu mahali pengine utalazimika kuimba nne juu badala ya tatu. Ikiwa hapo unabana koo, wimbo ushushwe kwanza. Ukishindikana kushushwa, imba nota zilezile za harmonia oktava moja chini. Kwa jina haitakuwa tena tatu juu, itakuwa sita chini ya melodi, lakini nota ni zilezile na kodi zitakubali. Mwanamume anayejifunza harmonia hii kwa melodi ya mwanamke mara nyingi ndicho anachoimba, hata akidhani yuko juu yake. Ajipime na kinanda: akiwa chini, melodi ikiwa do, mi yake iko upande wa kushoto wa do hiyo, si kulia.